Maktaba ya Shilingi 750,000: Kisa cha Skuli Moja ya Pemba

Mtoto wa kwanza niliyempima hakukwama hata mara moja. Alikuwa wa darasa la 5. Alisimama wima, kitabu cha Kiswahili cha darasa mkononi, sauti yake ikipanda na kushuka kama anavyosoma juzuu kwenye chuo cha Kurani. Alipofika katikati ya ukurasa nilifunika mistari mitatu kwa kiganja changu. Akaendelea kuisoma, neno kwa neno, kana kwamba mkono haupo.

Mfukoni nilikuwa na orodha ya vitabu vya kununua kwa ajili ya maktaba yetu mpya. Niliiandika usiku mmoja, kwa kukisia mtoto wa darasa la 5 anaweza kusoma nini. Asubuhi ile nikaikunja, sikuitumia tena.

Skuli yetu iko Wilaya ya Wete, Pemba. Ni skuli ya msingi ya mikondo miwili: wapo wanaosoma asubuhi na wapo wanaosoma mchana, na nusu nyingine ya siku wengi wao wako chuoni. Kamati ya skuli ilikusanya shilingi 400,000 baada ya msimu wa karafuu, na watu wa kijiji wanaofanya kazi Unguja wakaongeza 350,000. Tulipewa pia chumba, stoo iliyokuwa na majembe na madawati mabovu, chenye dirisha moja lisilo na wavu. Hatukuwa na kitabu cha hadithi hata kimoja, ukitoa maboksi mawili ya msaada ambayo nitayataja mbele.

Mengi yalitokea mwaka ule, lakini nitasimama zaidi kwenye darasa la 5, kwa sababu humo ndimo watoto walimopishana kuliko kwengine kote, na humo ndimo tulimokosea na kujifunza.

Kupima kabla ya kununua

Kitabu cha darasa hakifai kumpimia mtoto kusoma. Ameshakisikia mara nyingi hata kimekaa kichwani, na watoto wetu wana hifadhi kubwa kwa sababu chuo kimewazoesha kuhifadhi tangu wadogo. Hiyo ni neema, lakini humficha mtoto asiyejua kusoma. Kwa hiyo mimi na mwalimu mwenzangu wa darasa la 3 tuliandika wenyewe maandishi mapya kwenye kadi nne za manila: kadi ya silabi kumi, kadi ya maneno kumi, kadi ya aya fupi ya sentensi nne, na kadi ya kisa cha nusu ukurasa. Mtoto alianza na aya. Akiisoma vizuri anapanda kwenye kisa, ikimshinda anashuka kwenye maneno, kisha silabi. Tulimwita mmoja mmoja, barazani, mbali na masikio ya wenzake. Kila mtoto alichukua kama dakika nne, na darasa zima tulilimaliza kwa asubuhi mbili.

Jambo moja lilitupa shida. Maandishi ya Kiswahili hayamfichi msomaji sauti: ukijua silabi unaweza kutamka neno lolote, hata usilolielewa. Ndiyo maana mtoto anaweza kusoma kisa chote kwa sauti safi na asipate kitu. Kwa hiyo kila kadi ya aya na ya kisa tuliiwekea swali moja ambalo jibu lake halimo ndani ya maneno yenyewe. Kadi moja ilisema: "Fatma alikimbia kufunga dirisha. Mkeka ulikuwa umeshaloa." Swali: nje kulikuwa na nini? Watoto kadhaa waliisoma bila kosa wakajibu, "Dirisha." Hao hatukuwahesabu kuwa wameifikia ngazi ile.

Darasa lilikuwa na watoto 44. Saba walikuwa bado kwenye silabi. Kumi na tatu walisoma maneno lakini sentensi ikawashinda. Kumi na wanne walisoma aya wakaielewa. Kumi ndio waliosoma kisa na kukielewa. Watoto ishirini, karibu nusu ya darasa, wasingeweza kusoma hata kitabu kimoja katika vile nilivyokuwa nimepanga kununua. Orodha yangu yote ilikuwa ya wale kumi.

Kitabu chepesi ni kipi

Nilipouliza vitabu vya ngazi ya chini nilioneshwa vitabu vyenye sentensi moja kila ukurasa. Wengi tunadhani hivyo ndivyo vyepesi, kwa kuwa maneno ni machache. Kipimo cha kuhesabu maneno kinafaa kwa lugha yenye maneno mafupi. Kiswahili hupachika sentensi nzima ndani ya kitenzi. "Walipotutembelea" ni neno moja, lakini mtoto anatakiwa ashike silabi nane kichwani, wa-li-po-tu-te-mbe-le-a, na humo ndani ajue nani alikwenda, lini, na kwa nani. Akifika kwenye "lea" ameshaisahau "wa". Ukurasa wenye neno hilo peke yake ni mgumu kuliko ukurasa wenye maneno tisa kama haya: "Baba ana boti. Boti ina samaki. Mama ana kapu."

Kwa hiyo tuliacha kuhesabu maneno, tukaangalia mambo mawili: silabi zilizomo na urefu wa vitenzi. Ngazi ya kwanza ni silabi za konsonanti moja na irabu moja, maneno ya silabi mbili au tatu. Ngazi ya pili huingiza silabi nzito, yaani mba, nda, nya, cha, sha, ng'o, kwa, dha: "Mjomba amechukua nyavu. Ng'ombe amelala chini ya mnazi." Ngazi ya tatu ina vitenzi virefu, sentensi zilizoungana na aya. Ngazi ya nne ni kisa kamili chenye mazungumzo na mambo ambayo msomaji anaachiwa ayafahamu mwenyewe.

Kila kitabu kilichofika mikononi mwetu tulikifungua kurasa tatu, ya mwanzo, ya katikati na ya karibu na mwisho, tukatafuta neno refu kuliko yote na silabi nzito kuliko zote. Hizo ndizo zilizoamua ngazi. Kazi hii haikuchukua zaidi ya dakika mbili kwa kitabu, na ilitugundulia vitabu vya kurasa nane, vyenye picha kubwa, ambavyo kwa hakika vilikuwa vya ngazi ya tatu.

Mtoto naye anahitaji njia ya kujipimia anapochagua. Iko kanuni inayojulikana ya vidole vitano: soma ukurasa mmoja, kila neno linalokushinda kunja kidole, vikiisha vitano kitabu hicho ni kizito. Kanuni hiyo inafaa kwa ukurasa wenye maneno kama mia. Vitabu vyetu vya chini vina maneno ishirini tu kwa ukurasa, na maneno matano kati ya ishirini ni robo nzima. Mtoto aliyekwama robo ya maneno hasomi tena, anabahatisha. Sisi tuliwaambia vidole viwili.

Fedha zilikwenda wapi

Kamati ilitaka kabati la vioo lenye kufuli. Fundi aliomba 400,000. Sikuwalaumu, kwa sababu kitu kinachoonekana ndicho kinachomridhisha aliyechangia, lakini kabati lile lingekula zaidi ya nusu ya fedha kabla ya kununua kitabu. Tulikubaliana juu ya rafu mbili za wazi na mabanzi membamba yaliyopigiliwa ukutani, ambapo vitabu husimama jalada likiwa mbele. Fundi na mbao zake: 160,000. Kwa mtoto asiyesoma bado, mgongo wa kitabu chembamba haumwambii chochote. Ni jalada linalomwita. Wavu wa dirisha, kitasa na kufuli la mlango vilichukua 60,000. Mikeka miwili ya ukili ilisukwa na wazee wanawake wa kijiji, bila malipo.

Vitabu vya kununua tulivitengea 270,000. Kwa wastani wa 4,500 kila kimoja tulipata 60, na kuvileta kutoka Unguja kwa meli kukatugharimu 35,000. Kishawishi kilikuwa kununua vitabu 60 tofauti ili rafu ionekane imejaa. Tulichukua vichwa kumi, kila kimoja nakala nne, na vichwa ishirini vya nakala moja moja. Nakala nne ni kwa sababu ya mkeka: watoto wanne wanakaa pamoja, kila mmoja na chake, wanasoma hadithi moja na kubishana juu yake. Mtoto anayekwama humtazama jirani yake akaendelea. Kitabu kimoja kwa watoto wanne humfanya mmoja asome na watatu waangalie picha. Karibu vitabu vyote 60 vilikuwa vya ngazi ya tatu na ya nne, maana ndivyo tulivyovikuta madukani.

Ngazi ya kwanza na ya pili ilibidi tuzitengeneze. Kuchapa tulikutengea 120,000, na vifaa vya kujalidi, yaani manila, gundi, sindano na nyuzi, 50,000. Daftari la kuazimia na vikorokoro vyengine vilikula 15,000. Shilingi 40,000 zilizobaki tuliziweka akiba ya matengenezo, na nawasihi wanaoanza wasiiguse akiba yao mwanzoni. Kitabu chepesi kinachopendwa hakimalizi muhula kabla hakijataka kushonwa upya.

Vijitabu vya kutengeneza

Kwenye tovuti ya africanstorybook.org zimo hadithi za watoto za Kiswahili ambazo leseni yake inaruhusu kuchapa, kutafsiri na kurekebisha, ili mradi mwandishi na mchoraji watajwe. Leseni ya kila kitabu iangaliwe kwenye ukurasa wake, kwani hazifanani zote. Tulichagua vichwa 18. Tovuti yenyewe imezipanga hadithi kwa ngazi tano, lakini ngazi hizo hufuata zaidi wingi wa maandishi katika ukurasa, kwa hiyo tulizipitisha tena kwenye kipimo chetu cha silabi. Penye kitenzi kirefu bila ya haja tulikivunja. "Alipomkaribia akamwambia" ikawa "Alifika. Akasema."

Kijitabu cha kurasa 16 za nusu karatasi kinatoka kwenye karatasi nne za A4, pande zote mbili. Kwenye dirisha la kuchapa la Adobe Reader unachagua `Booklet`, kisha `Both sides`, nacho hupanga kurasa chenyewe ili zikikunjwa zifuatane. Mashine isiyochapa pande mbili unaipa kwanza `Front side only`, unageuza karatasi, kisha `Back side only`. Jaribu nakala moja kabla ya kuchapa zote, kwa sababu kila mashine inageuza karatasi kwa namna yake na sisi tuliharibu karatasi nyingi siku ya kwanza. Kurasa ziwe nne, nane, kumi na mbili au kumi na sita, yaani zigawike kwa nne, vyenginevyo utabaki na kurasa tupu mwishoni.

Duka la fotokopi mjini lilitoza shilingi 100 kwa upande mmoja, hivyo kijitabu kizima kikasimama 800, na kwa 120,000 tukapata vijitabu 150: vichwa 30, nakala tano tano. Tulichagua fotokopi nyeusi, si printa ya wino wa maji. Wino wa maji huyeyuka kwa jasho la mikono na unyevu wa hewa, lakini unga wa fotokopi hukaa. Picha zenye rangi nyingi hutoka doa jeusi, kwa hiyo tulitafuta hadithi zenye michoro ya mistari, na watoto wakaitia rangi nakala ya kwanza ya kila kichwa.

Kosa letu kubwa la ufundi lilikuwa pini. Tulibana vijitabu vyote kwa stepla. Baada ya miezi mitatu ya hewa ya bahari pini zilishika kutu, kutu ikala karatasi, na kurasa za katikati zikaanza kuchomoka zenyewe. Tulizitoa zote, tukashona kwa matundu matatu katikati ya mkunjo na kwa uzi wa nyavu ambao mzee mmoja mvuvi alitupa. Uzi huo haushiki kutu wala hauozi. Selotepu nayo kwa joto letu hugeuka njano na gundi yake huchuruzika ikashika vumbi. Ukurasa uliochanika uungwe kwa kipande chembamba cha karatasi na gundi.

Vichwa 12 kati ya 30 vilitoka kwa watoto wenyewe. Mtoto alisimulia, mimi nikaandika ubaoni kwa maneno yake, tukapunguza pamoja, kisha mmoja wao akachora. Walisimulia wanayoyajua: kuokota mpeta chini ya mikarafuu, kuchambua karafuu usiku hadi vidole vikaingia weusi, mvua iliyowakuta majamvi yametandazwa. Msichana mmoja alisimulia siku aliyojaza pishi lake la kwanza, na kijitabu kikaitwa "Pishi Langu". Masimulizi tuliyaandika kwa Kiswahili sanifu, lakini mazungumzo tuliyaacha kama yalivyosemwa nyumbani. Mwenzangu mmoja hakupendezwa na hilo. Mimi naona mtoto anayekutana na kauli ya bibi yake kwenye karatasi anafahamu mara moja kwamba maandishi ni sauti ya mtu, na kwa mtoto aliyezoea kutamka bila kufahamu, hilo ndilo analolikosa.

Maboksi ya msaada na ugomvi wa Kiingereza

Maboksi mawili yaliyotolewa na wafadhili, ambao sitawataja, yalikuwa na vitabu vya Kiingereza zaidi ya mia. Vilikuwamo vitabu vya kompyuta za zamani, riwaya za watu wazima, na vitabu vya watoto vyenye theluji kila ukurasa. Tulivipitia kimoja kimoja tukabakisha 23, vingi vyao vya picha za wanyama na ramani. Vyengine tulivirudisha kwenye boksi na kumkabidhi mwalimu mkuu. Baadhi ya wajumbe waliona tunakataa riziki. Lakini rafu yenye vitabu mia visivyosomeka humfundisha mtoto kwamba maktaba si mahali pake, naye hushika njia akaenda zake.

Ugomvi mkubwa ulikuwa mwengine. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006, hisabati na sayansi zilianza kusomeshwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5, na wazazi walijua vyema watoto wao wanapigwa na nini. Mjumbe mmoja wa kamati alisema mbele ya wote: "Maalim, Kiswahili watoto wanakijua. Tuleteeni Kiingereza." Sikumjibu kwa maneno. Nilimwomba aje asubuhi moja akae nami barazani. Alimsikiliza mtoto wa jirani yake akisoma neno `one` kama "o-ne" na `table` kama "ta-ble", kwa silabi za Kiswahili, kisha akamsikiliza akishindwa na aya ya Kiswahili. Mtoto yule hakuwa na lugha hata moja ya kusomea. Ilibidi apate ya kwanza ndipo ya pili ipate pa kushikia.

Hata hivyo mjumbe alikuwa na hoja, na hatukuitupa. Hadithi kadhaa tulizochapa zipo kwenye tovuti ile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, zikiwa na picha zile zile. Sita tulizichapa kwa lugha zote mbili na kuziweka pamoja kwenye bahasha moja. Mtoto anasoma ya Kiswahili kwanza, na akifungua ya Kiingereza hadithi ameshaijua, kwa hiyo anachotafuta ni maneno tu. Bahasha hizo ndizo zilizoazimwa zaidi na watoto wa ngazi ya nne.

Aibu ya rangi

Tulizitia ngazi rangi. Utepe mwekundu kwenye mgongo kwa ngazi ya kwanza, njano ya pili, kijani ya tatu, buluu ya nne. Tuliona tumepanga vizuri sana. Wiki ya pili hakuna mtoto wa darasa la 5 aliyegusa chekundu. Wale saba wa silabi walibeba vitabu vya buluu, wakavifungua, wakageuza kurasa kwa mwendo wa mtu anayesoma. Siku moja nilisikia kwenye mkeka: "Wewe huna haya, unasoma vya darasa la kwanza!" Aliyeambiwa alirudisha kitabu na hakuja tena kwa siku nyingi.

Tulibandua utepe wote. Mahali pake tukatia nukta ndogo ya kalamu ndani ya jalada la nyuma, moja hadi nne, ambayo mwalimu anaijua na mtoto haitafuti. Rafuni vitabu vikapangwa kwa mambo yanayozungumzwa: bahari, shamba, wanyama, nyumbani, mpira. Kila kundi lilikuwa na ngazi zote nne ndani yake.

Hilo liliondoa alama, lakini halikuondoa kiini. Mvulana wa miaka kumi na mbili hataki kusoma habari za kuku na yai, hata kama hakuna anayemtazama. Tuliandika upya vijitabu vitano vya ngazi ya kwanza na ya pili kwa mambo ya umri wake, bila ya kuongeza ugumu wa silabi: boti iliyozimika mashine, mechi ya mpira, nyoka kwenye shamba la mikarafuu. "Boti imezima. Bahari imetulia. Ali anavuta kasia." Pale hamna silabi nzito hata moja, na msomaji wa umri ule haoni aibu kuonekana nazo.

Jambo la pili alilianzisha mwalimu wa darasa la 1. Aliomba watoto wakubwa wawasomee wadogo wake kila Alhamisi, dakika ishirini kabla ya mkondo kubadilishana. Tukawapa kazi hiyo watoto wa ngazi ya kwanza na ya pili wa darasa la 5. Mtu anayemsomea mdogo lazima achukue kitabu chepesi, na lazima akifanyie mazoezi kabla, tena na tena, asije akakwama mbele ya watoto wa darasa la 1. Wale waliokuwa wanabeba vya buluu wakawa wanakuja saa ya mapumziko kuniuliza, "Maalim, hichi nishakijua, nipe chengine cha kuwasomea." Walisoma kijitabu kimoja mara sita au saba kwa wiki. Kurudia kwa namna hiyo ndiko kunakomfanya mtoto wa silabi aanze kuona neno zima.

Unyevu, mchwa na faini

Masika ya Machi hadi Mei yalitukuta tumejiandaa nusu. Rafu zilisimama mbali kidogo na ukuta na miguu yake ikawa ndani ya makopo yenye oili chafu, kwa hiyo mchwa hawakupanda. Koga ilitushinda mwanzo. Dalili yake ya kwanza ni harufu ya uvundo unapofungua mlango asubuhi, siku kadhaa kabla ya kuona doa lolote. Tulijifunza kufungua dirisha kila asubuhi isiyo ya mvua, na kuvitoa vitabu barazani mara moja kwa wiki, vikasimama wima kurasa zikiwa zimeachana, penye upepo na kivuli. Jua kali halifai: hukausha gundi na kukunja majalada. Koga ikishaingia ipanguswe nje kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kibichi huieneza.

Kuazima kulikwenda kombo kwa kosa langu. Nilitangaza faini ya shilingi 3,000 kwa atakayepoteza kitabu. Wiki ile ile mama mmoja alikuja na kijitabu kimefungwa ndani ya kanga. "Maalim, kichukueni chenu. Mimi kikiliwa na mbuzi sina cha kulipa." Kwa wiki tatu daftari lilibaki karibu tupu. Niliifuta faini. Anayepoteza kijitabu cha kuchapa huja kutusaidia kukunja na kushona nakala nyengine, na mzazi hahusishwi na fedha. Katika daftari kila mtoto ana ukurasa wake: tarehe, namba ya kitabu, tarehe ya kurudi. Kitabu kimoja kwa wakati, siku saba. Katika vitabu 210 tulivyonunua na kuchapa, mwaka wa kwanza vilipotea 11. Kwangu hiyo ni bei ndogo ya watoto kusomea nyumbani.

Baada ya miezi tisa

Tuliandika kadi nyengine mpya, tukalipima darasa lile lile. Waliobaki kwenye silabi walikuwa watatu, kwenye maneno sita, kwenye aya kumi na sita, na kwenye kisa kumi na tisa. Sitaki mtu asome hesabu hiyo akadhani ni kazi ya maktaba peke yake. Watoto walikua, darasani walisomeshwa, na wale saba wa mwanzo mwenzangu aliwafundisha silabi dakika ishirini kila siku kwa muhula mzima. Mtoto asiyejua kuunganisha silabi hafundishwi na rafu ya vitabu. Rafu humpa cha kusoma siku anapoanza kuunganisha, ili asisahau.

Hao watatu waliobaki ndio wanaonikosesha usingizi. Mmoja tuligundua haoni vizuri, si mbali wala karibu, na sasa anakaa mbele akisubiri miwani. Wawili sijajua bado.

Vitabu vyenyewe vilitupa hesabu nyengine. Kabla ya kufunga mwaka tulivitandaza vyote juu ya mkeka tukaangalia uchakavu. Vya ngazi ya nne vilikuwa visafi kama siku ya kununuliwa, ukitoa zile bahasha za lugha mbili. Vya ngazi ya kwanza vilikuwa vimeshonwa upya mara mbili. Lakini vilivyochakaa kuliko vyote, pembe zimeliwa na majalada yamekuwa laini kama kitambaa, ni vya ngazi ya pili, na katika hivyo "Pishi Langu" hakikubakiwa na nakala hata moja nzima. Akiba ya 40,000 inatosha vijitabu 50. Vyote tutavichapa vya ngazi ya pili, na kumi vya mwanzo ni hicho.